Nilibadilisha namba, yakaja matokeo ya mtu mwingine

*"Kaka, habari za kazi. Nasoma chuo hapa Dodoma, mwaka wa pili. Juzi nikiwa kwenye tovuti ya matokeo nilibadilisha namba iliyo mwishoni mwa anwani, yakafunguka matokeo ya mwanafunzi mwingine. Rafiki yangu anasema nipakue yote yawe ushahidi, halafu niwadai chuo hela ya bagi baunti, yaani zawadi ya anayegundua udhaifu wa mfumo. Je, nikiripoti nitajiletea kesi? Na nijifunzie wapi haya mambo bila kuvunja sheria?"*

Mdogo wangu, usipakue kitu. Usijaribu namba nyingine hata moja, na hicho ulichokiona usimtumie yeyote, hata huyo rafiki yako. Kama ulipiga picha ya skrini, ibaki kwenye simu yako hadi chuo waiombe au wakuambie uifute. Baada ya hapo ripoti, na ripoti wiki hii.

Kinachonifanya nikuhimize ni kwamba seva ya chuo inakujua tayari. Uliingia kwa namba yako ya usajili, na kila ukurasa uliofunguka uliandikwa kwenye kumbukumbu za seva pamoja na saa na akaunti iliyouomba. Siku msimamizi akizipitia, atakuta akaunti yako imefungua rekodi isiyo yako. Ombi moja tu, na siku chache baadaye barua yako inayolitaja, hilo linaeleweka kwa mtu yeyote. Akikuta maombi elfu tatu yamepita ndani ya dakika kumi saa nane usiku, hakuna barua itakayoyaeleza. Ndiyo maana ushauri wa kupakua "ushahidi" ndio mbaya kuliko yote uliyopewa. Ushahidi wa udhaifu wa aina hii ni rekodi moja, nawe unao.

Sasa sheria. Tanzania tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Kifungu cha 4 kinakataza mtu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi na bila uhalali, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyoipata, ipi iliyo kubwa, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Lisome vizuri hilo neno "isiyopungua". Kenya, katika sheria yao ya mwaka 2018, kifungu cha 14 kinaweka kikomo cha juu: faini isiyozidi shilingi milioni 5 za Kenya au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Tena chao kinazungumzia mtu aliyevuka hatua za ulinzi huku akijua hana ruhusa. Chetu kinaweka sakafu, na hakiulizi kama kulikuwa na nywila ya kuruka. Hakisemi lolote kuhusu nia njema pia. Kifungu cha 7 kinagusa hata kumpelekea data mtu asiye na idhini, na kupokea data ya namna hiyo. Kwa hiyo ukimrushia rafiki yako picha ya matokeo ya mtu kwenye WhatsApp, umemwingiza na yeye.

Utakutana na watu watakaokuambia kubadilisha namba kwenye anwani hakuwezi kuwa kosa, kwani ukurasa ulikuwa wazi. Hoja hiyo imewahi kufika mahakamani Marekani. Mwaka 2010 tovuti ya AT&T ilikuwa ukiipa namba ya kadi ya simu ya iPad, inakurudishia barua pepe ya mwenye kifaa. Nywila haikuwepo. Daniel Spitler aliandika skripti ya kubahatisha namba hizo moja baada ya nyingine, ikakusanya barua pepe kama 114,000, na mwenzake Andrew Auernheimer akazipeleka kwa waandishi wa habari. Machi 2013 Auernheimer alihukumiwa kifungo cha miezi 41. Mahakama ya rufaa ilifuta hukumu hiyo Aprili 2014, lakini ilifanya hivyo kwa sababu kesi ilisikilizwa katika jimbo lisilohusika. Swali la kama kubadilisha namba ni kosa halikuamuliwa, na yeye alikuwa ameshakaa ndani kwa muda mrefu. Kiufundi udhaifu ule ni ndugu wa huu wa chuo chenu. Tofauti kati yako na wale wawili ni skripti, wingi wa rekodi, na nani aliyeambiwa kwanza.

Kama katika kusimulia umepunguza hesabu, na kweli ulifungua rekodi nyingi, basi kabla ya kuandika chochote mwone wakili. Vitivo vingi vya sheria vina kitengo cha msaada wa kisheria kwa wanafunzi, na cha chuo kingine kitakufaa zaidi kuliko cha chuo chako. Kama ni rekodi moja kweli, endelea kusoma.

Kabla ya kutuma, tafuta kama chuo wametangaza njia ya kupokea taarifa za namna hii. Andika jina la tovuti yao, kisha ongeza `/.well-known/security.txt`. Huo ni utaratibu uliowekwa rasmi mwaka 2022 katika waraka uitwao RFC 9116: faili fupi la maandishi lenye anwani ya kupokelea ripoti, na wakati mwingine kiungo cha sera yao. Kwa vyuo vyetu nategemea utakuta ukurasa wa kosa la 404, na hapo nenda kwa kitengo cha TEHAMA. Mimi ningepitia kwa mhadhiri ninayemwamini, nikamwomba awe kwenye nakala ya barua pepe. Mwanafunzi anayeandika akiwa na mwalimu wake kwenye nakala husomwa tofauti na jina lisilojulikana. Ukishindwa kabisa kupata mtu, TZ-CERT, timu ya dharura za mtandao iliyo chini ya TCRA, hupokea taarifa na inaweza kuzifikisha kwa mwenye mfumo.

Barua yenyewe iwe hivi:

> Habari za kazi. Naitwa (jina), mwanafunzi wa mwaka wa pili, namba ya usajili (namba).
>
> Tarehe (tarehe), saa (saa), nikiwa nimeingia kwa akaunti yangu kwenye tovuti ya matokeo, nilibadilisha namba iliyo mwishoni mwa anwani ya ukurasa. Matokeo ya mwanafunzi mwingine yalifunguka. Nilifunga ukurasa na sikujaribu namba nyingine. Sijapakua wala kumpa mtu taarifa hizo.
>
> Hatua: (1) kuingia kwa akaunti ya mwanafunzi, (2) kufungua ukurasa wa matokeo, (3) kubadilisha namba ya mwisho kwenye anwani.
>
> Inaelekea mfumo unahakiki kwamba mtu ameingia, lakini hauhakiki kwamba rekodi anayoiomba ni yake. Nipo tayari kuja kuonyesha mbele yenu mkihitaji. Naomba mnijulishe mkishaipokea taarifa hii.

Angalia kisichokuwepo. Hakuna jina la yule mwanafunzi wala alama zake. Halipo neno "hatari" la kuwatisha, wala tarehe ya mwisho, na hela haijatajwa. Kuhusu hela nikwambie wazi: chuo hakijatangaza zawadi, kwa hiyo hakuna zawadi ya kudai. Ukiandika "nina udhaifu wenu, nipeni kiasi fulani niwaeleze", umeacha kuripoti na umeanza kutoza, na barua hiyo hiyo ndiyo itakayosomwa polisi. Wakiamua kukushukuru kwa hiari yao, pokea.

Ukitaka kuwasaidia zaidi, kosa lenyewe liko mahali padogo. Mfumo wa namna hiyo kwa kawaida huuliza hifadhidata kwa sentensi ya kwanza hapa, badala ya ya pili:

```
SELECT * FROM matokeo WHERE id = ?;
SELECT * FROM matokeo WHERE id = ? AND mwanafunzi_id = ?;
```

Alama ya pili ya kuuliza inajazwa na seva kutoka kwenye kikao cha aliyeingia, kamwe si kutoka kwenye anwani. Wakikwambia wametatua kwa kuzifanya namba ziwe ndefu zisizokisika, jua wameificha rekodi tu, hawajaifunga. Na wakisema wamerekebisha, usirudi kujaribu mwenyewe hadi wakuombe kwa maandishi.

Tuje kwenye bagi baunti yenyewe. Ni tangazo la mwenye mfumo: anasema mifumo ipi ijaribiwe, kwa namna gani, na atalipa nini. Netscape walianza hivyo mwaka 1995 kwa kivinjari chao, na leo matangazo mengi yako kwenye majukwaa kama HackerOne, Bugcrowd na Intigriti. Tangazo hilo ndilo linalokupa ile idhini ambayo kifungu cha 4 kinaitaka, na linakupa kwa kiasi kile kile lilichoandika. Likisema `app.mfano.com` imeruhusiwa, usiguse `blog.mfano.com`. Blogu inaweza kuwa inaendeshwa na kampuni nyingine kabisa, ambayo haijakuruhusu lolote, na aliyetangaza hana uwezo wa kukuruhusu kwa niaba yake.

Mfano wa mtu aliyekuwa na udhaifu halisi akakosa malipo ni Khalil Shreateh, Mpalestina, mwaka 2013. Aligundua namna ya kuandika kwenye ukuta wa mtu yeyote wa Facebook bila kuwa rafiki yake. Ripoti yake ilikuja na kiungo cha mfano bila hatua za kueleweka, na akajibiwa kwamba hilo si kosa la mfumo. Akaamua kuandika kwenye ukuta wa Mark Zuckerberg mwenyewe. Udhaifu ulizibwa upesi, ila zawadi, ambayo kiwango chake cha chini kilikuwa dola 500, hakupewa, kwa sababu alijaribia kwenye akaunti za watu halisi bila ridhaa yao. Watu wa nje walimchangia zaidi ya dola 10,000, na Facebook walikiri kwamba walipaswa kumwomba maelezo zaidi. Mimi naona pande zote mbili zilikosea, lakini kosa lake lilikuwa rahisi kuliepuka: angefungua akaunti mbili zake mwenyewe, akaandika kutoka moja kwenda nyingine, na kupeleka hatua zilizonyooka.

Akaunti mbili zako. Nitalirudia hilo, lakini kwanza maabara.

Udhaifu huu huu unaweza kuuchezea kwenye kompyuta yako mwenyewe, bila kuomba ruhusa ya mtu. OWASP, shirika linaloshughulikia usalama wa mifumo ya wavuti, wana duka la bandia liitwalo Juice Shop, lililojengwa makusudi likiwa na matundu. Ukishaweka Docker, zana ya kuendesha mfumo mzima uliofungashwa tayari ndani ya kompyuta yako:

```
docker pull bkimminich/juice-shop
docker run --rm -p 127.0.0.1:3000:3000 bkimminich/juice-shop
```

Pakua ukiwa na bando la kutosha au kwenye mtandao wa chuo, kwani si faili dogo. Ile `127.0.0.1` usiiache. Maelekezo mengi huandika `-p 3000:3000` peke yake, na hapo Docker hufungua mlango huo kwa mtandao wote uliounganishwa nao, kwa hiyo kila mtu kwenye Wi-Fi ya hosteli anaweza kuingia kwenye mfumo mbovu ulioko ndani ya kompyuta yako. Ukishauwasha, fungua `http://localhost:3000`.

Jisajili kwa barua pepe ya uongo, kisha ingia. Kwenye Firefox bonyeza F12, chagua `Network`, halafu fungua kikapu chako cha manunuzi. Kati ya maombi yatakayojitokeza utaona moja linalokwenda `/rest/basket/` likiishia na namba, tuseme 6. Hicho ndicho kikapu chako. Bonyeza kulia juu ya ombi hilo, chagua `Edit and Resend`, weka 1 badala ya 6, tuma. Soma jibu: utakuta `UserId` ni 1, na bidhaa ambazo hukuzichagua. Hapo duka litakupongeza kwa bango la kijani kwamba umekamilisha zoezi la `View Basket`.

Wanafunzi wengi huishia kwenye bango. Wewe rudi ulisome ombi lenyewe. Utaona limebeba kichwa cha `Authorization` chenye tokeni yako, kitambulisho ulichopewa ulipoingia, maana yake seva ilijua vizuri kabisa aliyeomba ni nani. Ilichoshindwa ni kulinganisha mwombaji na mwenye kikapu. Ukilielewa hilo, utaacha kuwinda kurasa zisizo na nywila na utaanza kuuliza, kwa kila namba unayoiona ikipita, seva inajuaje kuwa hii ni yangu.

Kama kompyuta yako haiwezi Docker, Web Security Academy ya PortSwigger ni bure na inafanya kazi ndani ya kivinjari. Anza na zoezi liitwalo `Insecure direct object references`. Kuna mazungumzo ya huduma kwa wateja yanayohifadhiwa kama mafaili yenye namba, na ukipakua la kwanza badala ya lako unakuta nywila ya mtu. Kila zoezi linakutengenezea tovuti yako peke yako, na ruhusa yako inaishia kwenye anwani hiyo waliyokupa.

Sasa ile ya akaunti mbili. Ukihamia kwenye programu halisi, yaani tangazo la bagi baunti la kampuni, unafungua akaunti A na akaunti B, zote zako. Kwenye HackerOne kila mtumiaji hupata barua pepe ya `jina@wearehackerone.com`, na ukiongeza `+a` au `+b` baada ya jina unapata anwani mbili tofauti zinazofika kwako. Inasaidia pia kampuni kutambua kwamba hizo ni akaunti za mtafiti. Tengeneza kitu kwenye B, kwa mfano oda au anwani ya nyumbani, na ukipe alama ya kipekee kama `ALAMA-B-7731`. Nakili namba yake. Ingia kama A na uombe namba hiyo. Alama ikitokea kwenye jibu, udhaifu umethibitishwa na hakuna mtu wa tatu aliyeguswa. Kwenye maabara ulibahatisha 1. Kwenye mfumo wa watu hubahatishi namba.

Hiyo alama ina kazi nyingine, kwa sababu ripoti nyingi za wanaoanza si udhaifu kabisa. Kuna seva zinazopuuza namba uliyoiandika na kukurudishia data yako mwenyewe, nawe ukiona jibu la 200, yaani ombi limekubaliwa, unashangilia. Kuna data ambayo ni ya wazi kwa kila mtu kwa makusudi, kama jina la muuzaji. La tatu ndilo linalowakamata wengi: ukifungua A na B kwenye kivinjari kimoja, kuingia kwa B kunafuta kikao cha A kimyakimya, kwa hiyo unaomba data ya B ukiwa B huku ukidhani wewe ni A. Tumia vivinjari viwili, A kwenye Firefox na B kwenye Chrome, na kabla ya kila jaribio fungua ukurasa wa wasifu uhakikishe wewe ni nani.

Kabla ya jaribio lolote tafuta mambo matatu kwenye sera ya programu. La kwanza, mifumo iliyotajwa kwa jina. La pili, kama zana zinazoskani mfumo zenyewe bila mkono wa mtu zinaruhusiwa, maana sera nyingi huzikataza. La tatu, kipengele kinachosema kampuni haitakushtaki ukifuata masharti. Hicho cha tatu ni ahadi ya kampuni hiyo. Hakimfungi mwendesha mashtaka wa serikali, wala hakikulindi ukitoka nje ya mipaka hata kwa hatua moja. Kwa mtu wa Dodoma anayejaribu mfumo ulioko Ulaya, ningeziacha kabisa programu ambazo hazina kipengele hicho.

Ripoti yenyewe itafanana na ile barua ya chuo: wapi, hatua kwa hatua, ombi lililotumwa na jibu lililorudi, ukitaja wazi kwamba A na B ni zako, kisha mtu mbaya angeweza kupata nini. Ukijibiwa `Duplicate`, kuna aliyekutangulia na kwa kawaida hulipwi. `Informative` maana yake wameelewa ila hawaoni la kurekebisha. Ukiona wamekosea, jibu mara moja kwa ushahidi mpya, halafu nenda kwenye programu nyingine. Kutangaza hadharani bila kibali chao kunakutoa nje ya masharti. Timu ya Project Zero ya Google huwapa wenye mfumo siku 90 kabla ya kuchapisha, na utasikia watu wakizitaja siku hizo kama haki ya kila mtafiti. Ni sera yao wenyewe, nao wana mawakili. Kwa tovuti ya chuo chako siku hizo hazikuhusu: wakikaa kimya wiki mbili, watumie ukumbusho ukiwa na mhadhiri wako kwenye nakala, na baada ya hapo ipeleke TZ-CERT.